Ndoo Sita Zimerudi: Karani Mpya na Krediti Noti

Gari limeegeshwa mbele ya duka la jumla la vifaa vya ujenzi mjini Mombasa. Limebeba ndoo za rangi za lita 20 zilizouzwa wiki tatu nyuma kwa mkandarasi wa Kilifi. Dereva ana karatasi ya bosi wake inayosema ndoo saba zinarudishwa, nyingine kwa sababu ni rangi ambayo haikuagizwa, nyingine kwa sababu zinavuja kifunikoni. Karani mpya, aliyezoea kutoa ankara za mauzo tu, anafungua mfumo wa ERP na hajui aanzie wapi.

Hapa nitatumia ERPNext, programu huria ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka na kujifunzia. Mifumo mingine ina vifungo vya majina mengine, lakini hesabu iliyo nyuma ya vifungo hivyo ni ile ile. Duka na mteja ni wa mfano. Kodi na sheria ni za Kenya.

Mauzo yenyewe yalikuwa hivi. Tarehe 14 Mei ziliuzwa ndoo 40. Bei ya kawaida ni Sh. 5,000 kwa ndoo, lakini mkandarasi huyu hupewa punguzo la asilimia 10, kwa hiyo alitozwa Sh. 4,500. Ndoo 40 zikafika Sh. 180,000, VAT ya asilimia 16 ikaongeza Sh. 28,800, na ankara ikasoma Sh. 208,800. Hajalipa bado, maana ana muda wa siku 30. Kila ndoo ilikuwa imeligharimu duka Sh. 3,800. Leo ni tarehe 3 Juni.

Jambo ambalo karani anatakiwa alishike kabla hajagusa kibodi ni kwamba mauzo yale yaliandika mambo mawili tofauti vitabuni. Kwanza mali ilitoka ghalani. Pili mteja akawa na deni, na ndani ya deni hilo mlikuwa na kodi ya serikali. Mali inaporudi, yote mawili lazima yarudishwe, kila moja kwa hati yake, na kila hati ifungwe kwenye ile iliyoyaanzisha. Makosa karibu yote ninayoyaona kwa makarani wapya hutokea kwa sababu mtu amerudisha upande mmoja akasahau wa pili, au amerudisha zote mbili bila kuzifunga kwenye ankara ya awali.

Kwa hiyo kazi inaanza ghalani, si kwenye kompyuta. Karatasi ya mteja inasema saba. Mzee wa ghala anahesabu mbele ya dereva, anageuza kila ndoo kuangalia kifuniko na namba ya rangi.

“Mwanangu, hapa kuna sita.”

“Lakini karatasi inasema saba, mzee.”

“Karatasi siipokei ghalani. Napokea ndoo. Andika sita, nne nzima, mbili zinavuja, na dereva atie sahihi.”

Mzee yuko sahihi kabisa. Kinachoingia kwenye mfumo ni kile kilichohesabiwa na kutiwa sahihi. Ndoo ya saba ikiletwa kesho itaandikiwa hati yake kesho. Mpaka hapo inabaki ndani ya ankara ya mteja, naye aelezwe hivyo siku hiyo hiyo kwa simu, asije akashangaa mwisho wa mwezi.

Sasa karani anaweza kufungua mfumo. Aanze kwa kuitafuta ankara yenyewe, kwa namba iliyoko kwenye karatasi ya dereva au kwa jina la mteja. Tuseme ni ACC-SINV-2025-00418. Akiifungua aangalie kisanduku kimoja kinachoitwa “Update Stock”. Kama kina alama, ankara ile ndiyo iliyotoa mali ghalani, na krediti noti itakayotokana nayo itairudisha mali yenyewe bila hati nyingine. Kama hakina alama, mali ilitoka kwa hati ya kufikisha mizigo, “Delivery Note”, na mali itarudi kwa kupitia hati hiyo. Sekunde chache za kuangalia kisanduku hiki humwokoa mtu na usumbufu wa siku nzima wakati wa kuhesabu bidhaa. Ankara yetu haina alama. Mizigo ilitoka kwa MAT-DN-2025-00397.

Karani afungue hati hiyo ya mizigo, abonyeze “Create”, kisha “Sales Return”. Mfumo utatengeneza hati mpya iliyonakili kila kitu kutoka ile ya kwanza, isipokuwa idadi, ambayo sasa ina alama ya kutoa mbele yake. Hapa ndipo wengi huteleza. Mfumo haujui kwamba zimerudi sita. Unadhani zimerudi zote, kwa hiyo umeandika -40. Karani aibadilishe iwe -6. Alama ya kutoa ibaki. Kuna watu wakiiona huifuta wakidhani ni kosa la uchapaji, na hati hukataa kwenda mbele kwa sababu idadi ya mali inayorudi lazima iwe hasi.

Kinachofuata ni ghala. Kila mstari una sehemu ya “Warehouse”, na mara nyingi itakuwa imeandikwa ghala kuu, kule ndoo zilikotoka. Sipendi mali iliyorudi iingie ghala kuu moja kwa moja. Dakika ile ile inapoingia, muuzaji wa kaunta huiona kwenye skrini yake kama mali ya kuuza, na ndoo inayovuja inaweza kuandikiwa mteja mwingine kabla mtu hajaitenga. Fungua ghala la pembeni ndani ya mfumo, liite Marejesho, na kila kinachorudi kiingie humo kwanza. ERPNext ina mahali kwenye taarifa za kampuni pa kuweka ghala la kupokea marejesho, kwa hiyo msimamizi akilipanga mara moja karani halazimiki kulikumbuka kila siku.

Kwenye hati hiyo hiyo kuna kisanduku kinaitwa “Issue Credit Note”. Kikitiwa alama, mfumo hutoa krediti noti wenyewe mara hati inapothibitishwa. Kwa karani anayejifunza, ushauri wangu ni kukiacha wazi na kuitoa krediti noti kwa mkono kutoka kwenye ankara, ili aone kinachofungwa na nini. Hatari iko kwa mtu anayekitia alama bila kujua, kisha akaenda kutengeneza krediti noti ya pili. Hapo mteja amepunguziwa deni mara mbili kwa ndoo zile zile.

Akishajaza, karani abonyeze “Save”, asome hati upya, halafu “Submit”. Hati iliyohifadhiwa tu ni rasimu. Haijagusa ghala wala vitabu hata kama inaonekana kamili kwenye skrini. Ikishathibitishwa, ghala la Marejesho linaonyesha ndoo 6, na kwenye vitabu thamani ya bidhaa imepanda kwa Sh. 22,800, huku gharama ya mauzo ikishuka kwa kiasi hicho hicho. Hiyo ni Sh. 3,800 mara sita. Mfumo umechukua gharama ya siku ndoo zilipouzwa, na umeweza kuijua kwa sababu tu hati imefungwa kwenye ile ya awali. Bei ya kiwandani ingekuwa imepanda tangu hapo, hesabu isingevurugika.

Upande wa mali umekwisha. Deni la mkandarasi bado ni Sh. 208,800, na hapo ndipo karani mwingine angefunga kompyuta akidhani amemaliza.

Arudi kwenye ankara, abonyeze “Create”, kisha “Return / Credit Note”. Inafunguka ankara nyingine yenye alama kwenye “Is Return”, na sehemu ya “Return Against” ina namba ya ankara ya awali. Namba hiyo ndiyo inayoifunga hati nzima. Idadi abadilishe tena iwe -6. Bei inatakiwa isome Sh. 4,500, yaani ile aliyotozwa mteja baada ya punguzo, na mstari wa kodi uwepo. “Update Stock” kibaki wazi, kwa sababu ndoo zimeshaingia ghalani kwa hati ya kwanza. Jumla itasoma hivi: mali Sh. 27,000, VAT Sh. 4,320, krediti noti nzima Sh. 31,320.

Kwa nini nasisitiza kuanzia kwenye ankara? Kwa sababu kuna njia nyingine inayoonekana ya haraka. Mtu anafungua ankara mpya tupu, anatia alama ya “Is Return”, anachagua mteja na bidhaa, basi. Mfumo hauna ankara ya kunakili, kwa hiyo unachukua bei ya kawaida ya orodha, Sh. 5,000. Punguzo limesahaulika. Ndoo sita zinakuwa Sh. 30,000, na pamoja na kodi Sh. 34,800. Mteja amerudishiwa Sh. 3,480 ambazo hakuwahi kutozwa. Huenda na kodi isiandikwe kabisa kama karani hakuchagua kiolezo chake, na hapo duka linabaki linadaiwa VAT ya Sh. 4,320 kwa mali ambayo iko ghalani kwake. Tena hakuna kinachozuia idadi. Hati iliyofungwa kwenye ankara ya ndoo 40 inakataa kurudisha 41, lakini isiyofungwa popote itakubali hata mia.

Kabla ya kuthibitisha, kuna tarehe. Hati iandikwe tarehe 3 Juni, siku mali ilipopokelewa na krediti noti ikatolewa. Kuna kishawishi cha kuirudisha nyuma hadi Mei ili mauzo na marejesho yake yakae mwezi mmoja. Kishawishi hicho kikataliwe. VAT ya Mei inapelekwa kabla ya tarehe 20 Juni kupita, na huenda mhasibu ameshachapisha takwimu zake. Hati mpya ikiingia Mei baada ya hapo, vitabu vinasema jambo moja na fomu iliyowasilishwa inasema jingine, na atakayeulizwa si karani bali mwenye duka.

Kuna pia kikomo cha muda. Sheria ya VAT ya Kenya ya 2013 inataka krediti noti itolewe ndani ya miezi sita tangu ankara ya kodi ilipotolewa, isipokuwa pale ambapo jambo liko mahakamani. Ankara yetu ya 14 Mei ina nafasi hadi katikati ya Novemba. Mteja anayeleta mali ya mwaka jana asiandikiwe krediti noti na karani kwa uamuzi wake. Aelekezwe kwa mhasibu.

Tukiwa kwenye kodi, ankara hii haikuishia kwenye kompyuta ya duka. Ilipotolewa ilipelekwa KRA kupitia eTIMS. Krediti noti nayo lazima ipite huko, ikitaja namba ya ankara inayoipunguza. Katika baadhi ya ofisi ERP imeunganishwa na eTIMS na hati huenda yenyewe. Kwingine karani huijaza mara ya pili kwa mkono, na hapo namba na kiasi vifanane mpaka senti. Mkandarasi naye ana sababu ya kuitaka nakala iliyopita eTIMS. Kama alishadai VAT ya manunuzi ya Sh. 28,800, sasa anatakiwa aipunguze kwa Sh. 4,320.

Hili ndilo linalofanya kufuta ankara kuwa kosa kubwa kuliko linavyoonekana. Kitufe cha “Cancel” kipo, na karani anaweza kushawishika kuifuta ankara ya ndoo 40 na kutoa mpya ya ndoo 34. Ndani ya duka hesabu itaonekana safi. Lakini kule KRA ankara ya kwanza bado ipo, na ya pili imeongezwa juu yake. Kwa macho ya mamlaka, duka limeuza ndoo 74 kwa mteja huyo, na kodi ya zote inasubiriwa. Ankara iliyokwenda kwa mteja na kwa KRA haifutwi. Hupunguzwa kwa krediti noti. Na kama krediti noti yenyewe ndiyo iliyokosewa na imeshapita eTIMS, isifutwe pia. Apewe taarifa msimamizi, na ikiwa ilizidi, kilichozidi kirudishwe kwa debiti noti. Rasimu peke yake ndiyo unayoweza kuibadilisha au kuitupa bila kumwuliza mtu.

Krediti noti ikishathibitishwa, karani abonyeze “View” na kuchagua “Accounting Ledger”. Ataona mistari mitatu. Mauzo yamewekwa upande wa debiti Sh. 27,000, VAT debiti Sh. 4,320, na akaunti ya wadaiwa krediti Sh. 31,320. Mistari ikiwa miwili, kodi imekosekana. Ikiwa mitano, yenye bidhaa na gharama ya mauzo ndani yake, basi “Update Stock” kilitiwa alama na ndoo zimeingia ghalani mara mbili. Kusoma mistari hii kunachukua nusu dakika, na karani anayejizoeza kuisoma kila mara atajua makosa yake kabla mhasibu hajayajua.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi katika toleo la 15 la ERPNext. Karani anafungua ankara ya awali akitarajia kuona deni la Sh. 177,480, anakuta bado linasoma Sh. 208,800. Anadhani krediti noti imepotea, anatengeneza nyingine. Haijapotea. Krediti noti ina kisanduku kinachoitwa “Update Outstanding for Self”, na kikiwa na alama, hati hiyo hushikilia salio lake yenyewe, Sh. 31,320 hasi, badala ya kulipunguza kwenye ankara. Jumla ya deni la mteja ni sahihi, lakini vipande viwili havijakutanishwa. Kama unataka ankara ipungue papo hapo, alama hiyo iondolewe kabla ya kuthibitisha.

Kama hati imeshathibitishwa, kuna chombo cha “Payment Reconciliation”. Karani achague mteja na akaunti ya wadaiwa, abonyeze “Get Unreconciled Entries”, na mfumo utaonyesha ankara upande mmoja na malipo pamoja na krediti noti upande wa pili. Achague ankara 00418 na krediti noti yake, abonyeze “Allocate”, asome kiasi, kisha “Reconcile”. Ankara sasa itasoma Sh. 177,480. Asiruke hatua hii. Mteja asipokutanishiwa hati zake, ripoti ya madeni yaliyopitiliza itaendelea kumtaja kwa kiasi kizima baada ya zile siku 30, na mkusanya madeni atampigia simu kudai pesa za ndoo alizozirudisha mwenyewe. Kama mkandarasi angekuwa ameshalipa ankara yote, salio lile hasi lingesubiri ankara yake ijayo, au lingelipwa kwake kwa “Payment Entry” ya aina ya “Pay”. Uamuzi huo ni wa meneja na mteja.

Si kila krediti noti ina mali nyuma yake. Mteja akilalamika kwamba alitozwa bei isiyokubaliwa, na meneja akakubali, krediti noti hutolewa kwa tofauti ya bei tu na ghala haliguswi hata kidogo. Karani aliyekariri hatua bila kuzielewa atamrudishia duka ndoo ambazo ziko Kilifi zikipakwa ukutani.

Zimebaki ndoo zenyewe, kwenye ghala la Marejesho. Nne ni nzima, hazijafunguliwa. Mzee wa ghala akishazipitisha, karani atoe “Stock Entry” ya aina ya “Material Transfer”, kutoka Marejesho kwenda ghala kuu, idadi 4. Kuanzia hapo zinaweza kuuzwa tena. Hamisho hili halibadilishi thamani ya mali ya duka, kwa kuwa ni zile zile Sh. 15,200 zilizohama chumba.

Mbili zinazovuja zinataka uamuzi, na hapa nawasihi makarani wasifanye haraka. Njia rahisi ni “Stock Entry” ya aina ya “Material Issue”, inayoziondoa ghalani na kupeleka Sh. 7,600 kwenye akaunti ya hasara ya mali iliyoharibika. Lakini kifuniko kinachovuja huenda ni kosa la kiwanda, na kama msambazaji atakubali kuzipokea, ndoo hizo zitatoka kwa hati ya kumrudishia yeye, iliyofungwa kwenye hati ya manunuzi, naye atatoa krediti noti yake kwa duka. Zikishafutwa kwenye mfumo hakuna tena kitu cha kumrudishia bila kufungua upya hati zilizofungwa. Kwa hiyo zipigwe picha, namba za uzalishaji zilizoko kwenye ndoo ziandikwe pamoja na namba ya hati ya marejesho, msambazaji aandikiwe siku hiyo hiyo, na mpaka ajibu ndoo mbili zisomeke Marejesho.